Kazi ya Njombe naipenda ila mshahara hautoshi: nikatae vipi bila kuharibu?

SWALI

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mhasibu katika kampuni ya pembejeo hapa Mbeya. Mshahara wangu ghafi ni shilingi 820,000, naishi nyumbani kwa wazazi Uyole, na bado nakatwa mkopo wa elimu ya juu. Sasa kampuni moja inayofungasha parachichi huko Njombe imeniletea barua ya ajira kwa mshahara ghafi wa shilingi 900,000. Kazi naipenda, na kwenye usaili waligusia kwamba baadaye watahitaji mhasibu mkuu. Lakini chumba na sebule nimeulizia ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi itanigharimu kama 50,000, nikaona nitarudi nyuma. Nilimpigia meneja rasilimali watu kuomba waongeze, akanijibu kwa upole kwamba bajeti ya mwaka huu imeishia hapo. Wanataka jibu la maandishi kabla ya Ijumaa, na sijasaini chochote. Wenzangu wananishauri niandike kwamba nina matatizo ya kifamilia, yaishe. Aliyeniunganisha nao ni mjomba wangu, anayefahamiana na mkurugenzi wao, nami sitaki kumwaibisha. Niandikeje barua ya kukataa ili siku wakiwa na fungu la kutosha wanikumbuke?

Mhasibu wa Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu.

Ushauri wa wenzako uweke kando kwanza, hata kama wameutoa kwa nia njema. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza ya usaili, na ninajua kinachotokea barua kama hiyo inapofika. Meneja huandika sentensi moja tu kwenye jalada la usaili inayoeleza kwa nini mwombaji hakuja, na sentensi hiyo ndiyo husomwa nafasi inapofunguka tena. Ukiandika kwamba una matatizo ya kifamilia, atakayelifungua jalada ataelewa kuwa huwezi kuhama Mbeya. Hilo si jambo ambalo kampuni inaweza kulitatua kwa fedha, kwa hiyo hata bajeti ikinenepa watampigia aliyekuwa wa pili kwenye orodha. Na mkurugenzi, kwa kuwa anafahamiana na mjomba wako, siku wakikutana atamuuliza kwa huruma kabisa, "Yule binti yako alipatwa na nini?" Hapo mjomba ama atadanganya bila kujua, ama atagundua kuwa wewe ndiye uliyedanganya. Sababu yako ya kweli ni mshahara, na kati ya sababu zote unazoweza kuandika, hiyo peke yake ndiyo kampuni inaweza kuibadilisha.

Hata hivyo, kuandika tu kwamba mshahara ni mdogo hakutoshi, kwa sababu hakumwambii meneja umepungua kiasi gani. Umesema ulimwomba waongeze, ila hukunieleza kama ulimtajia kiasi, nami nina hisia kwamba hukumtajia. Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, tupige hesabu ya kinachobaki mkononi. Wewe ni mhasibu na hesabu hizi unazijua, lakini nimeona wahasibu wanaozifanya kwa wafanyakazi wenzao kila mwezi wakazisahau siku inapofika zamu yao.

Chukua mshahara wako wa sasa wa 820,000, na tuuchukulie wote kuwa mshahara wa msingi. Asilimia 10 ya NSSF ni 82,000, na kodi ya mshahara hukatwa kwenye kiasi kinachobaki baada ya hapo, yaani 738,000. Kiasi hicho kiko katika daraja la kati ya 520,000 na 760,000, ambalo kodi yake ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, hivyo unalipa 63,600. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 123,000. Kinachokufikia ni 551,400.

Sasa chukua 900,000 ya Njombe. NSSF ni 90,000, zinabaki 810,000, na hapo umepanda daraja: kodi inakuwa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, jumla 80,500. Bodi ya Mikopo inachukua 135,000, na mkononi zinabaki 594,500. Ile nyongeza ya 80,000 iliyoandikwa kwenye barua imekufikia ikiwa 43,100. Ukitoa kodi ya chumba na nauli ya kuja nyumbani unabaki na 444,500, yaani pungufu ya 106,900 kwa kila mwezi ukilinganisha na ulivyo leo. Na hapo sijagusa kodi ya miezi mitatu au sita ambayo wenye nyumba wengi huidai kwa mkupuo, wala mablanketi na mkaa wa kupitishia baridi ya Njombe ya Juni na Julai, ambayo hata mtu wa Uyole huiheshimu.

Swali linalofuata ni kiasi gani kingekutosha. Ili usipate wala usipoteze, unahitaji 551,400 za sasa pamoja na 150,000 za chumba na nauli, yaani 701,400 mkononi. Katika daraja hilo la kodi, kila 100,000 inayoongezwa kwenye mshahara ghafi inakufikia ikiwa 52,500 tu, kwa sababu NSSF, kodi na Bodi ya Mikopo zote zinachukua fungu lake. Kwa hiyo mshahara ghafi wa 1,100,000 ungekupa 699,500, karibu sawasawa na unachohitaji. Hicho ndicho kiwango chako cha chini kabisa, na ndicho ninachokushauri ukiandike kwenye barua. Najua wako watakaokwambia kwamba anayetaja bei kwanza ameshindwa. Hilo lina ukweli wake wakati wa kupatana, lakini wewe hupatani tena: umeshauliza, umeshajibiwa, na sasa unaaga. Anayeaga bila kutaja kiasi anamwachia meneja abahatishe, na mameneja wengi wakibahatisha hudhani mtu anataka mara mbili ya alichopewa, wakaona hakuna haja ya kumsumbua.

Hesabu yenyewe ibaki nyumbani. Usiwaandikie habari za chumba, nauli wala mkopo, kwa sababu mwajiri analipia nafasi, hapangi mshahara kwa kufuata madeni ya anayeijaza, na barua iliyojaa matumizi ya mtu husomeka kama ombi la msaada. Mshahara unaoupata sasa pia usiutaje. Ukiwaambia kwamba unalipwa 820,000, mwakani watakuletea 950,000 wakiamini wamekuongezea sana.

Sasa mjomba. Yeye asikie kutoka kwako kabla ya kampuni kusikia, na asisikie kwa ujumbe wa simu. Nenda kwake jioni, au mpigie kama yuko mbali, umshukuru kwa kukuombea nafasi, kisha umweleze wazi kwamba kazi ni nzuri, umeomba waongeze mshahara ikashindikana, na utawaandikia kwa heshima. Umwombe pia jambo moja: asimpigie mkurugenzi kukusemea. Wajomba wetu hupenda kusaidia, na simu ya aina hiyo humfanya meneja rasilimali watu aonekane amezungukwa, halafu ndiye atakayelishika jalada lako siku zijazo. Baada ya mjomba, mpigie meneja mwenyewe, kwa dakika chache tu, umwambie kwamba barua inakuja na jibu lako ni hapana kwa sababu ile ile mliyoizungumza. Mtu aliyeshaambiwa kwa sauti huisoma barua kwa utulivu. Fanya yote hayo mapema, barua imfikie ifikapo Jumatano, ili apate nafasi ya kumwita anayefuata kabla ya wiki kuisha. Kumpunguzia kazi namna hiyo ni jambo ambalo wenye ofisi hulikumbuka.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja, na iandikwe kwa lugha waliyotumia wao. Hii ndiyo ningeiandika ningekuwa wewe:

> S.L.P. ...,
> Mbeya.
> (Tarehe)
>
> Meneja Rasilimali Watu,
> (Jina la kampuni),
> S.L.P. ...,
> Njombe.
>
> Ndugu,
>
> YAH: MAJIBU YA BARUA YA AJIRA, NAFASI YA MHASIBU
>
> Rejea barua yenu yenye Kumb. Na. ... ya tarehe ..., iliyonipa ajira katika nafasi ya Mhasibu kituo cha Njombe, pamoja na mazungumzo yetu ya simu ya tarehe ....
>
> Ninawashukuru kwa kunipa nafasi hii na kwa muda mlioutumia kunisaili. Baada ya kuitafakari barua yenu, ninasikitika kuwajulisha kwamba sitaweza kuipokea ajira hii. Sababu yangu ni moja, nayo ni mshahara: shilingi 900,000 kwa mwezi kabla ya makato hazitoshi kuniwezesha kuhama Mbeya na kuishi Njombe bila kipato changu kushuka. Ninaelewa, kama mlivyonieleza, kwamba bajeti ya mwaka huu haina nafasi ya nyongeza, na barua hii haikusudii kuwaomba muibadilishe.
>
> Kazi yenyewe imenivutia, hasa shughuli ya kuoanisha stakabadhi za mizani na malipo ya wakulima, ambayo mlinielezea siku ya usaili. Iwapo siku za baadaye mtakuwa na nafasi ya uhasibu, hii au ya juu yake, ambayo mshahara wake kwa hali ya sasa unaanzia shilingi 1,100,000 kwa mwezi kabla ya makato, nitafurahi kufikiriwa tena. Ninapatikana kwa simu namba ....
>
> Ninawatakia msimu mwema wa mavuno.
>
> Wako katika ujenzi wa Taifa,
>
> (Sahihi)
> (Jina kamili)

Sentensi ya stakabadhi za mizani nimeibuni kwa kukisia kazi za kampuni ya namna hiyo, kwa hiyo iondoe na uweke jambo ambalo kweli uliliona au uliambiwa siku ya usaili. Likiwa jambo mahususi, meneja atakukumbuka kwa sura. Ukiandika kwamba kampuni yao ni kubwa na yenye sifa njema nchini, atajua kuwa sentensi hiyo ungeweza kuipeleka popote.

Maneno "haikusudii kuwaomba muibadilishe" usiyatoe hata ukiona ni makali. Barua nyingi za kukataa kwa sababu ya mshahara huharibikia hapo, kwa kuwa mwandishi anasema hapana huku akichungulia kama ataitwa, mithili ya mnunuzi wa Mwanjelwa anayeondoka polepole ili muuzaji apunguze bei. Utazitambua kwa maneno kama "isipokuwa kama mtaweza" au "nasubiri mrejesho wenu". Meneja akiyaona hayo hajui kama amekataliwa au anabanwa, hathubutu kumwita mtu wa pili, na baada ya siku kadhaa za kusubiri anakuwa amechoka nawe. Kama ungetaka kuendelea kupatana, hiyo ingekuwa barua nyingine kabisa, ya kuomba mapitio ya mshahara, inayoandikwa kabla ya ile ya kukataa. Ombi hilo umeshalitoa kwa simu na umejibiwa, kwa hiyo usilirudie kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu "kwa hali ya sasa", maneno hayo yapo ili kiasi ulichotaja kisikufunge. Mshahara wako wa Mbeya unaweza kupanda mwakani, au viwango vya makato vikabadilika, na hakuna atakayekulaumu ukisema hesabu imesogea.

Umesema hujasaini chochote, lakini naomba uhakikishe, kwa kuwa barua nyingi za ajira huja na ukurasa wa mwisho wa kukubali ambao mtu huusaini na kuurudisha haraka kwa furaha ya siku ya kwanza. Ukishausaini na kuurudisha, unakuwa umeshaingia makubaliano ya kazi, na kutoka kwake kunafuata masharti ya notisi yaliyoandikwa humo na yaliyomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Barua niliyokuandikia haitafaa katika hali hiyo. Kama ukurasa huo bado uko kwako mtupu, uache ulivyo, usiandike juu yake "nimekataa" wala kuurudisha, bali tuma barua peke yake kwa barua pepe, ikiwa na sahihi yako, na ubaki na nakala.

Baada ya hapo huenda wakakaa kimya, na ukimya huo usiufasiri kuwa chuki. Huenda pia meneja akakupigia kabla ya wiki kuisha na kusema, "Tumezungumza na mkurugenzi, tunaweza kufika milioni moja." Usikubali kwenye simu. Mshukuru, mwombe akuandikie barua mpya yenye kiasi hicho, kisha urudi kwenye hesabu yako: 1,000,000 ghafi inakupa 647,000 mkononi, nawe bado unapungukiwa na 54,400. Hapo ndipo unapoweza kumuuliza kama kampuni ina nyumba ya wafanyakazi, kwa sababu ukiondokewa na kodi ya chumba unabaki na 597,000 baada ya nauli, na hesabu inakaa upande wako. Muulize pia thamani ya nyumba hiyo wanaihesabu vipi kwenye kodi ya mshahara, maana makazi yanayotolewa na mwajiri huhesabiwa kuwa sehemu ya kipato chako na huweza kuongeza makato.

Jibu linalonitia wasiwasi zaidi ni lile la "njoo uanze, tutakuongeza baada ya kipindi cha majaribio". Huwa linatoka moyoni, lakini anayeahidi leo anaweza kuwa amehamia kampuni nyingine majaribio yakiisha, na aliyekalia kiti chake asione karatasi yoyote. Kama wanamaanisha, waandike kwenye barua ya ajira mwezi wa kuanza nyongeza na kiasi chenyewe kwa shilingi. Wakisema kwamba hawawezi kuandika, jibu lako la kwanza linabaki palepale, na huhitaji barua nyingine.

Wasipopiga, subiri mpaka bajeti yao mpya ikaribie. Muulize meneja kwenye ile simu ya kuaga mwaka wao wa fedha unaanza mwezi gani, kwani kampuni nyingine huanza Januari na nyingine Julai, na bajeti hupangwa miezi michache kabla ya hapo. Wakati huo ndio wa kumwandikia mistari mitatu ukitaja Kumb. Na. ya barua yao ya kwanza na tarehe ya majibu yako, na kumweleza kwamba bado unaipenda kazi ile kwa masharti uliyoyaeleza. Mara moja inatosha. Na kama kufikia wakati huo utakuwa umepandishwa cheo hapo Mbeya na huitaki tena Njombe, basi usiandike, ila mwambie mjomba.